Masikio, Macho na Vidole: Jinsi Daktari Anavyokichunguza Kizazi

Kizazi cha mwanamke asiye mjamzito ni kiungo kidogo. Urefu wake ni kama sentimita 7.5, upana wake kama sentimita 5, na umbo lake ni la peasi lililopinduliwa. Kimefichwa ndani ya nyonga, mbele yake pakiwa na kibofu cha mkojo na mfupa wa kinena, nyuma yake pakiwa na utumbo wa mwisho na mifupa ya kiuno. Moyo unaweza kusikilizwa juu ya kifua na ini likapapaswa chini ya mbavu, lakini kizazi hakifikiwi kwa mkono uliowekwa tumboni peke yake. Hata hivyo, kabla ya mitambo ya kisasa kubuniwa, waganga walikwisha kujua njia tatu za kukifikia: kwa kumsikiliza mwenye nacho, kwa kutazama kupitia uke, na kwa kukibana taratibu kati ya mikono miwili. Njia hizo zingali zinatumika leo, na kila moja hutoa habari ambayo nyingine haitoi.

Na achukuliwe mfano wa mama wa miaka 41 anayefika katika hospitali ya wilaya akilalamika kwamba ana “chango”. Daktari aliye zamu ni msichana aliyehitimu juzi tu. Anamwamkia, “Shikamoo, mama,” naye anaitikia marahaba, kisha wote wawili wananyamaza kidogo. Ukimya huo si wa ajabu. Mdogo anatakiwa amwulize mkubwa mambo ambayo kwa desturi hayaulizwi ila na kungwi.

Jambo la kwanza analohitaji daktari ni kujua chango maana yake nini. Neno hilo hubeba mizigo mingi: kwa mmoja ni maumivu ya hedhi, kwa mwingine ni kutopata mtoto, kwa wa tatu ni msokoto wowote wa tumbo la chini. Daktari akiliandika kama lilivyo, hajaandika kitu. Kwa hiyo huuliza, “Chango hilo likikushika, mama, unasikia nini, na wapi?” Jibu lake ni kwamba tumbo la chini ni zito, anakwenda haja ndogo mara kwa mara, na damu ya mwezi imekuwa nyingi mno kwa muda wa miaka miwili.

Hapo ndipo kazi ya kuhesabu inapoanza. Mama anasema kwamba anaingia mwezini kila baada ya siku 20. Mwanafunzi wa udaktari asiye mwangalifu angeandika kwamba mzunguko umefupika, na angeanza kufikiria kasoro ya homoni. Daktari huyu anamwomba ataje tarehe. Inadhihirika kwamba mama huhesabu tangu siku damu inapokatika hadi siku inapoanza tena, ilhali sayansi huhesabu tangu siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya damu inayofuata. Damu humtoka siku 8, kisha hukaa safi siku 20. Mzunguko wake basi ni wa siku 28, nao haujabadilika tangu ujana wake. Tofauti hii ina uzito mkubwa. Mzunguko unaokuja kwa saa yake huonyesha kwamba aghalabu ovari zinaachia mayai kama kawaida, na kwamba sababu ya damu kuzidi yafaa itafutwe kwanza ndani ya kizazi chenyewe.

Kiasi cha damu nacho ni kigumu kupima kwa maneno. Wastani wa hedhi ni mililita 30 hadi 40, na zaidi ya 80 huhesabiwa kuwa nyingi, lakini hakuna mwanamke anayepima kwa kikombe. Daktari huuliza mambo yanayoonekana. Je, anabadilisha kitambaa mara ngapi? Je, huamka usiku kubadilisha? Je, hutoka mabonge, na ukubwa wake ni kama nini? Mama anajibu kwamba siku ya pili na ya tatu hubadilisha kila saa, huamka mara mbili usiku, na mabonge ni makubwa kuliko sarafu. Kila mililita ya damu yenye afya hubeba madini ya chuma yapatayo miligramu 0.4. Anayepoteza mililita 200 kwa mwezi hupoteza miligramu 80 za chuma, na tumbo lake halifyonzi kutoka katika chakula cha kawaida ila miligramu 1 au 2 kwa siku. Hesabu haikai sawa, na deni hilo hulipwa na akiba ya mwili mpaka itakapokwisha. Ndiyo sababu mama huyu huhema akipanda ngazi, na ndani ya kope zake pameparara.

Maswali yaliyosalia huenda kwa utaratibu. Amepata mimba tano, amezaa watoto wanne, mimba moja iliharibika. Hatumii dawa ya kupanga uzazi. Hana damu inayotoka katikati ya miezi wala baada ya kukutana na mumewe. Swali hili la mwisho humwonea haya kila mtu, lakini haliachwi, kwa sababu damu inayotoka baada ya tendo la ndoa ni mojawapo ya dalili za mapema za saratani ya mlango wa kizazi. Siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ilikuwa siku 14 zilizopita. Pamoja na hayo mkojo wake hupimwa kuona kama ana mimba, na majibu yanaonyesha hana. Kipimo hiki hakipuuzwi hata kama mgonjwa anaapa kwamba hana mimba, kwani mimba iliyotunga nje ya kizazi huweza kujifanya hedhi.

Swali la mwisho la daktari si la viungo. “Katika haya yote, mama, ni jambo gani linalokutia hofu zaidi?” Mama anainama. Dada yake mkubwa alifariki kwa saratani ya kizazi. Tena yeye mwenyewe, katika mimba yake ya kwanza, alichunguzwa na mtu ambaye hakumwambia neno, huku wauguzi wawili wakimshika magoti. Tangu siku hiyo hajakubali kuchunguzwa.

Wako wanaodhani kwamba kumtuliza mgonjwa ni adabu tu, kitu cha kuongezewa juu ya kazi yenyewe. Anatomia inasema vingine. Sakafu ya nyonga ni misuli iliyotandazwa kama machela kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu, nayo huzunguka tundu la uke. Mtu akiogopa, misuli hiyo hujikaza bila kuamriwa, na misuli ya tumbo hukaza vilevile. Sehemu ya chini ya uke ina mishipa mingi ya fahamu, kwa hiyo chombo kinachopita katika tundu lililokazwa huuma; maumivu huzidisha hofu, na hofu huzidisha mkazo. Isitoshe, mkono ulioko juu ya tumbo lililokazwa haupapasi kizazi, unapapasa ubao. Daktari aliyemtia mgonjwa hofu hukosa habari alizokwenda kuzitafuta, na mara nyingi hajui kwamba amezikosa. Huandika tu kuwa hakuna kitu.

Wala neno “tulia” halisaidii, maana hakuna ajuaye namna ya kulegeza msuli asiouona. Daktari wetu anafanya mengine. Kwanza anaomba ridhaa, na kueleza kwamba mama akisema “acha”, au akiinua mkono, kazi itasimama papo hapo. Ahadi hii ni lazima itimizwe mara ya kwanza tu itakapodaiwa; isipotimizwa haitaaminiwa tena. Pili, anampa mama spekulamu aishike mwenyewe, aifungue na kuifunga. Jirani alikuwa amemwambia kwamba chuma hicho hukwangua kizazi. Mkononi mwake anaona mabamba mawili laini yasiyo na makali, mfano wa mdomo wa bata. Tatu, muuguzi wa kike anasimama karibu na kichwa cha mama, pazia linavutwa, na mlango unafungwa. Mama anakwenda haja ndogo kwanza, kwani kibofu kilichojaa huuma kikibonyezwa, na zaidi ya hapo huweza kudhaniwa ni uvimbe. Analala chali, visigino pamoja, magoti yakiachwa yaanguke pembeni yenyewe, na shuka inamfunika tumboni na mapajani.

Tumbo hupapaswa kabla ya mengine yote. Juu ya mfupa wa kinena, vidole vinagusa kitu kigumu kilichochomoza kutoka nyongani, upana wa vidole vitatu juu ya mfupa. Ukingo wake wa juu unashikika, wa chini haufikiki. Hapo daktari amekwisha kupata jibu la nusu.

Spekulamu ina historia ndefu. Katika magofu ya Pompeii, mji uliofunikwa na majivu ya volkano mwaka 79, zilichimbuliwa spekulamu za shaba nyeusi zilizofunguliwa kwa skrubu, na mtu wa leo akiziona hatashindwa kuzitambua. Mmarekani James Marion Sims alibuni ya kwake huko Montgomery, Alabama, katika miaka ya 1840, akianzia na mpini wa kijiko uliopindwa. Aliijaribu, pamoja na upasuaji wake, kwa wanawake watumwa wasioweza kukataa, bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu yamehifadhiwa: Anarcha, Betsey na Lucy. Sanamu yake iliyokuwa katika bustani ya Central Park mjini New York iliondolewa mwaka 2018. Ile ya mabamba mawili itumikayo zaidi leo huitwa kwa jina la Cusco, daktari wa upasuaji wa Ufaransa. Yafaa mwanafunzi ajue kwamba swali la ridhaa katika chumba hiki halikuzuka jana.

Chombo huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, si kwa ajili ya kulainisha tu bali kwa kuwa chuma baridi hukaza misuli mara kinapogusa. Daktari husema kabla ya kugusa: “Sasa utasikia mkono wangu kwenye paja.” Paja huguswa kwanza, kisha ndipo midomo ya uke inatenganishwa kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Hapo mama anaombwa asukume chini kidogo, kama anayetaka kwenda haja. Ombi hili lina faida ya kimwili kuliko kumwambia atulie, kwani mtu hawezi kusukuma chini na kukaza sakafu ya nyonga kwa wakati mmoja. Mabamba huingia yakiwa yamefungwa, yakielekezwa chini na nyuma, upande wa mifupa ya kiuno. Hili ndilo kosa la wanafunzi wengi: hudhani kwamba uke unaelekea juu moja kwa moja kama bomba, ilhali kwa mwanamke aliyelala chali huteremka kwa mshazari kuelekea kitandani. Anayesukuma juu hubana mrija wa mkojo kwenye mfupa wa kinena, na hakuna sehemu inayouma kuliko hiyo. Ukuta wa nyuma, kinyume chake, ni laini na hustahimili.

Mabamba hayafunguliwi mpaka yafike mwisho. Yakifunguliwa kabla ya wakati wake, daktari huona mikunjo ya kuta tu, na mlango wa kizazi hauonekani. Katika hali hiyo mjinga huzidisha nguvu. Mjuzi hufunga mabamba, hurudi nyuma kidogo, huelekeza chini zaidi, kisha hufungua tena. Au humwomba mgonjwa aweke ngumi zake mbili chini ya makalio, na mara nyingi mlango hujitokeza wenyewe. Kwa mwanamke mmoja katika kila watano hivi, kizazi kimeegemea nyuma badala ya mbele, na mlango wake hutazama juu. Huo si ugonjwa, ni kama mtu kutumia mkono wa kushoto.

Mlango wa kizazi wa mama huyu ni wa rangi ya waridi, na tundu lake ni kama mstari wa mlalo, alama ya aliyekwisha kuzaa. Kwa asiyezaa tundu ni duara dogo. Kuuzunguka pana wekundu kidogo. Wekundu kama huo uliwahi kuitwa kidonda, na wanawake wengi walichomwa bure kwa ajili yake. Mara nyingi huwa ni tishu ya ndani tu iliyotokeza nje. Lakini kwa macho matupu saratani changa haionekani. Kwa kuwa hatokwi damu siku hiyo, mlango unapakwa siki iliyopimwa, yaani asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, na daktari anasubiri dakika moja. Chembe zenye kasoro zingegeuka nyeupe. Hakuna kinachogeuka. Daktari anamwambia hapo hapo, mama angali amelala, kwa sababu ndilo jambo lililokuwa linamtesa: “Mlango wa kizazi nimeuona wote, mama. Sioni dalili ya ugonjwa wa dada yako.” Hasemi kwamba haiwezekani kabisa kuwapo, maana kipimo hiki kina makosa yake, na kipimo cha virusi vya papiloma huhitajika pia kinapopatikana. Anasema alichokiona, basi.

Kutoa chombo kuna kanuni moja. Mabamba huvutwa nyuma yakiwa wazi mpaka yaache mlango wa kizazi, ndipo yanaporuhusiwa kujifunga polepole. Anayeyaachia mapema huubana mlango au kunasa ngozi ya ukuta, na maumivu ya sekunde moja hufuta imani ya nusu saa.

Baada ya macho, vidole. Kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia, vikiwa na glavu na mafuta ya maji, huingia kwa kufuata ukuta wa nyuma uleule. Mlango wa kizazi usio na mimba huwa mgumu kama ncha ya pua. Wenye mimba hulainika kama midomo. Husukumwa kidogo upande huu na huu, na uso wa mgonjwa hutazamwa. Kama mgonjwa anaruka kwa maumivu, daktari hufikiria mimba iliyotunga nje ya kizazi au uambukizo wa mirija, na mambo yote mawili ni ya haraka. Mama hasikii maumivu. Ndipo mkono wa kushoto unapowekwa tumboni, ukianzia karibu na kitovu na kushuka, wala si juu ya mfupa wa kinena moja kwa moja. Anayeanzia chini huvipita vilivyopanda juu asivigundue. Vidole vya ndani huinua, mkono wa nje hubonyeza, na kizazi hukamatwa kati yao.

Kinachokamatwa si peasi. Ni kitu kikubwa kama kizazi cha mimba ya wiki 14, kigumu, kisichouma, chenye vinundu kama kiazi kikuu. Swali linalobaki ni moja: je, ni kizazi chenyewe kilichovimba, au ni uvimbe wa ovari uliokilalia? Daktari anausukuma uvimbe kwa mkono wa juu huku vidole vya ndani vikiwa kwenye mlango wa kizazi. Mlango unasogea papo hapo. Ungekuwa uvimbe wa ovari, aghalabu mlango ungetulia, na kati ya uvimbe na kizazi kungepapasika mfereji. Kwa hiyo daktari anaandika: vivimbe vya misuli ya kizazi, ambavyo watu wengi huviita fibroidi, na ambavyo ni nadra sana kuwa saratani. Ovari hakuzipata. Hilo halishangazi, kwani ovari ni ndogo kama lozi, na hata mikono yenye uzoefu mara nyingi huzikosa. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, ovari inayopapasika ndiyo ya kutiliwa shaka.

Viko vizuizi ambavyo kila mwanafunzi huvikariri. Mjamzito wa miezi ya mwisho anayetokwa damu hatiwi vidole mpaka ijulikane kondo la nyuma liko wapi, kwani likiwa limefunika mlango, kidole kimoja chaweza kuanzisha mvujo wa damu utakaomwua. Msichana ambaye hajaingiliwa hachunguzwi kwa njia hii, ila kwa sababu nzito sana. Hutosha kupapasa tumbo na kupiga picha ya ultrasaundi. Na kwa mwanamke asiye na dalili yoyote wala mimba, Chuo cha Madaktari wa Tiba cha Marekani kilishauri mwaka 2014 kwamba uchunguzi wa nyonga usifanywe kama desturi, maana haukuonekana kuleta faida inayozidi usumbufu wake. Kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi ni jambo jingine, nalo halikuguswa na ushauri huo.

Mama alipovaa na kuketi, ndipo alipoelezwa yote, kwani mtu aliyelala uchi chini ya shuka husikia nusu ya anayoambiwa. Damu yake ilipopimwa ilikuwa na hemoglobini gramu 8.4 kwa desilita, ilhali mwanamke asiye mjamzito yampasa awe na 12 au zaidi. Picha ya ultrasaundi iliyopigwa baadaye ilithibitisha vivimbe viwili vikubwa ambavyo vidole vilivipata, ikaonyesha ovari zote mbili zikiwa nzima, na ikaongeza kimoja cha tatu, chenye sentimita 2 tu, kilichochomoza ndani ya uwazi wa kizazi. Hicho hakuna kidole ambacho kingekipapasa. Tena huenda hicho kidogo ndicho kilichokuwa kikimwaga damu, kwani vivimbe vinavyosukuma utando wa ndani huvujisha kuliko vile vinavyokua kuelekea nje, hata viwe vikubwa namna gani. Wale wawili wakubwa ndio walioelekea kubonyeza kibofu na kuleta uzito wa tumbo. Alianzishiwa vidonge vya chuma na dawa ya asidi ya traneksami ya kumeza siku za damu nyingi tu, akapewa tarehe ya kuonana na bingwa wa upasuaji ili wajadiliane kama kitolewe kile kidogo peke yake kwa kupitia mlango wa kizazi, au vitolewe vyote, au kizazi chenyewe, kwa kuwa watoto aliowataka amekwisha kuwapata.